Kusi changa au demani? Hesabu ya nahodha aliyetia nanga Kilwa

Shuleni tulifundishwa habari za pepo za musimu kwa maneno machache: kaskazi iliwaleta wafanyabiashara kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikawarudisha kwao. Ni kweli, lakini ukiishia hapo utamdhania nahodha wa zamani kuwa mtu wa kukaa na kusukumwa tu. Ukweli ni kwamba kila mwaka alikabiliwa na uamuzi ambao ungeweza kumtajirisha au kumtia hasara, nao haukuwa wa kuja. Ulikuwa wa kurudi. Kusi huvuma karibu miezi sita, lakini si miezi yote sita inayosafirika. Ina milango miwili. Wa kwanza hufunguka mwezi wa Aprili na kufungwa Mei. Wa pili hufunguka mwishoni mwa Agosti, kusi ikiwa imepungua nguvu, wakati ambao watu wa pwani huuita demani. Kati ya milango hiyo, bahari kuu haina mwenyewe.

Hapa nailinganisha hiyo milango miwili kwa macho ya mtu mwenye chombo chake, shehena yake na mabaharia wanaotaka kula kila siku. Tuseme ni nahodha aliyetoka Khambhat, Gujarati, na nguo za pamba na shanga, na sasa ametia nanga Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1330. Nimeichagua Kilwa kwa makusudi. Bandari nyingine zingemrahisishia uamuzi, Kilwa inaufanya uwe mgumu.

Pepo zenyewe

Desemba hadi Februari bara la Asia limepoa. Hewa yake ni nzito na inasukumwa kuja huku kwetu ambako jua ni kali. Hiyo ndiyo kaskazi: upepo mkavu, wa wastani, bahari imetulia. Kuanzia Aprili mambo hugeuka. Asia inapata joto, hewa inavutwa kwenda kule, na sisi tunapata kusi. Upande wa kusini wa Ikweta kusi hutokea kusini-mashariki. Ikishaivuka Ikweta hupinda, ikawa inatokea kusini-magharibi, na kupinda huko ndiko kulikomfaa nahodha kuliko kitu kingine chochote. Upepo uleule uliompandisha na pwani kutoka Kilwa hadi Mogadishu humchukua pale na kumvusha bahari kwenda Arabuni au Hindi, ukiwa bado uko nyuma yake. Lugha yetu yenyewe imebeba kumbukumbu hiyo. Tunaposema kaskazini na kusini tunataja upepo kwanza, dira baadaye.

Upepo kuwa nyuma si anasa. Tanga la pembe tatu hufungwa kwenye foromali, gogo refu linaloning'inia mlingotini kwa mshazari. Chombo kikitaka kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kwenda upande huu kisha upande ule, foromali lazima ihamishwe kutoka upande mmoja wa mlingoti hadi mwingine. Kwenye chombo kikubwa nahodha hukizungusha, akaupa upepo tezi badala ya omo, huku watu wameshika kamba wanaipisha foromali mbele ya mlingoti na tanga linapigapiga juu ya vichwa vyao. Kila mzunguko unakupotezea sehemu ya njia uliyokwisha kuipata. Mara moja au mbili unaweza. Kubisha wiki tatu mfululizo, na chombo kimejaa, hakuna nahodha aliyepanga safari ya namna hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika: alijuaje tarehe? Kalenda ya Hijria hufuata mwezi, na kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11. Ramadhani ikiangukia wakati wa kusi leo, miaka kumi na sita baadaye itakuwa kwenye kaskazi. Kwa swala na funga inatosha, kwa upepo haifai. Kwa hiyo mabaharia walihesabu mwaka wa jua wenye siku 365, ulioanzia Nairuzi, kwa mafungu ya siku kumi kumi yaitwayo miongo. Mtu alikuwa akisema tuko mwongo wa ngapi, na mwenzake akajua upepo upi unatarajiwa. Sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi, Unguja, ni mabaki ya hesabu hiyohiyo.

Mlango wa kwanza: kuondoka na kusi changa

Uzuri wake ni kasi. Kusi inaanza, nguvu ipo ya kutosha bila kutisha, na mkondo wa bahari unaopita pwani yetu kwenda kaskazini unaongeza mwendo. Miezi ya kusi mkondo huo unaweza kufikia hata maili 4 za bahari kwa saa, yaani chombo kinasogea hata kikiwa hakina tanga.

Mfano ulioandikwa siku kwa siku ni wa Vasco da Gama. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na rubani Mgujarati aliyepewa na mfalme wa Malindi, na tarehe 20 Mei akatia nanga karibu na Kalikati, pwani ya Hindi. Siku 26. Waandishi wengi wamemsifia Mreno kwa safari hiyo, lakini sifa ya tarehe ile ni ya watu wa Malindi na ya rubani. Wangemchelewesha mwezi mmoja tu angekutana na bahari nyingine kabisa.

Maana ubaya wa mlango huu ni kwamba hufungwa ghafla, na hufungwa kule unakokwenda, si hapa ulipo. Kufikia Juni kusi ya upande wa pili wa Ikweta imekuwa tufani. Kati ya Ras Asir, ile pembe ya Somalia, na kisiwa cha Sokotra, upepo huvuma kwa nguvu wiki baada ya wiki. Pwani ya magharibi ya Hindi hupigwa na mawimbi moja kwa moja, na midomo ya mito yenye mafungu ya mchanga haiingiliki. Bandari zile zilifungwa Juni hadi Agosti. Nahodha aliyefika amechelewa hakukuta pa kujificha: nyuma yake upepo, mbele yake mawimbi yanavunjikia ufukweni.

Sasa tupige hesabu ya nahodha wetu. Kutoka Kilwa hadi Khambhat, ukifuata pwani kisha kuvuka, ni kama maili 2,700 za bahari. Kwa mwendo wa maili 4 kwa saa, usiku na mchana, ni maili 96 kwa siku, ambazo ni siku 28. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Aprili ni mwezi wa maleleji bado, upepo unakuja na kukatika, na siku ya shwari hukaa palepale tanga limelala kama nguo iliyoanikwa. Ongeza siku kumi za shwari, na mbili tatu za kuteka maji, utafika kwenye siku 40. Akiondoka Kilwa tarehe 15 Aprili atafika karibu na tarehe 25 Mei, salama. Akiondoka tarehe 10 Mei atafika karibu na tarehe 20 Juni, na huko mlango umeshafungwa. Maana yake ni kwamba kwa mtu wa Gujarati aliyeko Kilwa, Aprili ikiisha na nafasi imekwisha, hata kama upepo wa Kilwa siku hiyo ni mzuri kabisa. Hapo ndipo wageni wa bahari wanapokosea: wanautazama upepo walio nao, badala ya ule utakaowakuta.

Na kuna ubaya wa pili, wa biashara. Dhahabu ya Kilwa haikutoka Kilwa. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashushwa hadi Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, na msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliambiwa na mfanyabiashara kwamba Sofala ni mwendo wa nusu mwezi kutoka pale. Vyombo vya pwani vilivyokwenda Sofala vilishuka na kaskazi na kupanda na kusi, kwa pepo zilezile. Kwa hiyo wakati nahodha wetu anang'oa nanga na kusi changa, dhahabu ya mwaka huo ndiyo kwanza inaanza safari ya kupanda. Hawezi kuingojea bila kuukosa mlango. Atanunua tu ile iliyolala ghalani tangu mwaka jana, kwa bei atakayotajiwa na mwenye ghala, na mwenye ghala anajua vizuri kwamba mteja wake ana siku zilizohesabika.

Nadhani utajiri wa Kilwa unaeleweka vizuri zaidi ukiutazama hivyo. Mji haukuuza dhahabu tu, uliuza muda. Ukienda Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya mwamba kwenye ncha ya kisiwa, utakuta ua mkubwa uliozungukwa na vyumba ambavyo wataalamu wa mambo ya kale wanaona vilikuwa vya biashara na kuhifadhia mali. Kuna bwawa la kuogea la pembe nane ambalo kila mgeni hulipiga picha. Mimi huwaambia watu waende kwenye vile vyumba kwanza.

Mlango wa pili: kungoja demani

Anayengoja anapata karibu kila kitu isipokuwa wakati. Kuanzia Agosti mwishoni kusi inapoa, mvua za masika zimekwisha zamani, bahari ya Arabuni inaanza kutulia, na bandari za Hindi zinafunguka tena. Kwa siku 28 au 30 za njiani, maana demani haikatiki kama Aprili, chombo kilichoondoka Kilwa mwanzoni mwa Septemba kinafika mwanzoni mwa Oktoba. Dhahabu ya mwaka huo imo, pembe za ndovu zilizoletwa kutoka bara wakati wa kiangazi zimo, ambari na magamba ya ng'amba yamo. Kisha nahodha ana miezi miwili hivi ya kuuza, kulipa waliomkopesha na kupakia nguo mpya kabla kaskazi haijaanza kumrudisha huku. Wa mlango wa kwanza anafika Mei na kukaa hadi Novemba au Desemba. Wote wawili wanangoja, tofauti ni kwamba mmoja anangojea kwao na mwingine anangojea kwetu.

Gharama ya kungojea kwetu si ndogo. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Agosti ni zaidi ya miezi minne ya kulisha mabaharia. Chombo nacho hakiwezi kuachwa majini muda wote huo. Maji ya vuguvugu yana wadudu wanaotoboa mbao, na wakishaingia huwezi kuwaona kwa nje, unaona vitundu vidogo tu, huku ndani ubao umeshakuwa kama sega la nyuki. Dawa ni kukingojea chombo maji makuu, kukipandisha ufukweni, kukikwangua, kukikalafati upya kwa pamba na mafuta, na kukipaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu, upande mmoja leo, wa pili baada ya kulalia ubavu mwingine. Kazi hiyo inataka bandari yenye kujificha na ufukwe mpole. Kilwa inayo, maana kisiwa chenyewe kinaikinga, na Mombasa inayo ndani ya vijito vyake. Ghuba ya Malindi iko wazi zaidi kwa kusi, na kukaa pale Juni na Julai ni kuitesa nanga.

Lakini katika gharama hizo kulikuwa na faida ambayo haikuandikwa kwenye daftari la shehena. Mtu anayekaa mahali miezi minne hapangi chumba tu. Anakopesha nguo kwa wanaokwenda bara, anasimamia madeni yake mwenyewe, anaoa, anajengewa jina. Msikiti, ndoa na mkopo vyote vinataka mtu aliyetulia mahali. Sisemi kwamba upepo peke yake ndio uliozaa miji ya Waswahili. Miji ilikuwepo kwa nguvu za wenyewe, kwa uvuvi, kilimo na uhunzi. Ila kule kungoja ndiko kulikowafanya wageni wawe wakwe.

Demani pia ina mtego wake: uvivu. Kwa kuwa bahari ni nzuri, mtu anaongeza wiki moja anangojea deni, wiki nyingine anangojea pembe, na kusi inamfia mkononi akiwa njiani. Wa kufundisha somo hilo ni Vasco da Gama yuleyule, ingawa yeye aliyakuta maleleji akija huku. Aliondoka pwani ya Hindi tarehe 5 Oktoba 1498, kaskazi bado haijaanza. Safari iliyomchukua siku 26 wakati wa kwenda ikamchukua siku 89 wakati wa kurudi: Mogadishu aliiona tarehe 2 Januari 1499. Shwari na pepo za omo ziliwashikilia katikati ya bahari hadi ufizi wao ukavimba na kufunika meno, miguu ikajaa, kwa kukosa matunda na mboga mbichi. Watu 30 walikufa katika kuvuka huko peke yake, na kila chombo kikabakiwa na watu saba au wanane tu wenye uwezo wa kufanya kazi. Walipopita Malindi hawakuwa na mabaharia wa kutosha kwa vyombo vitatu, wakakichoma moto kimoja, San Rafaeli, kwenye miamba ya pwani ya Tanga. Kaskazi ilikuwa inakuja. Angengoja wiki chache tu.

Bandari inabadilisha jibu

Yote niliyosema ni ya Kilwa. Mpeleke nahodha huyohuyo Malindi au Mombasa, na mlango wa kwanza unapanuka. Malindi iko zaidi ya kilomita 600 karibu na kwao. Hizo ni siku nne za upepo mzuri wakati wa kurudi, na wiki nzima au zaidi ukipatwa na shwari. Wakati wa kuja tofauti ni kubwa zaidi, kwa sababu ya ule mkondo. Pwani ya Tanzania mkondo huenda kaskazini mwaka mzima, hata kaskazi ikivuma. Wakati wa kaskazi hukutana na mkondo unaoshuka kutoka Somalia, mahali fulani kati ya Malindi na Lamu, na yote miwili hugeukia bahari kuu. Anayetoka Hindi hadi Lamu anasaidiwa na upepo na maji. Akivuka hapo kuelekea Kilwa, upepo unamsukuma lakini maji yanamrudisha, na kadiri anavyokwenda kusini kaskazi yenyewe inalegea. Baada ya Ras Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, haitegemeki tena. Ndiyo sababu vyombo vya mbali kwa kawaida viliishia Kilwa, na Sofala ikabaki kazi ya vyombo vya pwani.

Kwa hiyo aliyefika Mombasa mwishoni mwa Januari ana miezi miwili na nusu ya biashara kabla ya kusi changa. Mwenzake aliyeendelea hadi Kilwa anaweza kufika katikati ya Februari au Machi, akabakiwa na wiki nne hadi nane za kuuza nguo zote na kujaza chombo. Karibu kila mara hazitoshi.

Nani achague nini

Kama shehena ya kurudi ni boriti za mikoko za kujengea nyumba za Ghuba, sioni sababu ya kungoja. Boriti huuzwa kwa korja, ishirini ishirini, bei yake ni ya chini na faida iko kwenye wingi. Zinapatikana muda wowote, na miezi minne ya kulisha watu ingeila faida yote. Nahodha wa Omani mwenye boriti na aondoke na kusi changa, tena mapema, apite Sokotra kabla ya Juni.

Kama umekuja Malindi au Mombasa, umeuza, na unarudi na pembe ulizokwisha kuzinunua, nenda vilevile. Mlango ni mpana kwako, na kufika Mei kunakupa soko kabla ya wale wa demani.

Lakini nahodha wetu wa Gujarati aliyeko Kilwa, aliyefuata dhahabu, ningemwambia angoje. Kwa mlango wa kwanza angeondoka na nusu ya alichokijia, kwa bei ya mtu mwenye haraka, huku kosa la siku kumi likimtia kwenye tufani. Atumie Mei na Juni kukipandisha chombo na kukitengeneza, Julai kukusanya madeni. Awe amepakia katikati ya Agosti, ili asubiri upepo badala ya mali. Na siku atakapoona matlai imeanza kuvuma asubuhi kutoka mashariki, kisha mchana ikafa na bahari ikawa kama kioo, akiwa bado hajang'oa nanga, ajue demani imempita. Asijidanganye kwamba atawahi. Ateremshe foromali, ashushe mali, atafute nyumba mjini.